Mtu wa Presha na Sindano ya Ganzi: Hotuba kwa Kikundi cha Wagonjwa wa Presha, Langa Langa, Nakuru

Wazee wangu, mama zangu, ndugu zangu, hamjambo. Asanteni kwa kunikaribisha. Mwenyekiti wenu aliponialika aliniambia kuna swali moja linalorudi kila mnapokutana, nami nimekuja kwa ajili ya swali hilo tu. Mnauliza hivi: mtu mwenye presha akienda kung'oa jino, akadungwa ganzi yenye adrenalini, si presha itapanda aangukie pale pale kitini? Wako hapa walioambiwa wasikubali kabisa sindano hiyo. Wako pia walioacha kwenda kwa daktari wa meno, wanalala na jino bovu mwaka mzima wakisukutua maji ya chumvi. Nitawajibu kama ninavyowajibu wagonjwa wangu, na nitawapa hesabu yenyewe ili muipime wenyewe.

Tuanze na kilichomo ndani ya ile sindano. Dawa inayotia ganzi ni lignokeni. Lignokeni ikiwa peke yake ina tabia moja inayotusumbua: inalegeza mishipa ya damu mahali ilipodungwa. Mishipa ikilegea, damu inapita kwa wingi na kuichukua dawa kabla haijamaliza kazi yake. Ndiyo maana lignokeni tupu kwenye jino inadumu dakika tano hadi kumi tu, halafu maumivu yanarudi. Adrenalini huongezwa ili ibane ile mishipa midogo. Hapo dawa inakaa pale pale ilipowekwa, jino linabaki na ganzi kwa muda wa kama saa nzima, fizi hazitoi damu nyingi, na lignokeni yenyewe inaingia mwilini polepole badala ya kumiminika kwa mara moja. Kwa hiyo adrenalini ina kazi tatu katika sindano hiyo, na zote tatu zinamfaa mgonjwa.

Sasa ni kiasi gani? Kile kichupa cha kioo tunachokipachika kwenye sindano, sisi tunakiita katriji, kinachukua mililita 1.8. Juu yake kumeandikwa 1:80,000 au 1:100,000. Maana yake ni gramu moja ya adrenalini iliyochanganywa katika mililita 80,000 au 100,000. Ukipiga hesabu, katriji moja ya 1:80,000 ina mikrogramu 22.5 za adrenalini, na ya 1:100,000 ina mikrogramu 18. Ili mjue udogo wake, ile ampuli ya adrenalini inayowekwa kwenye chumba cha dharura hospitalini ina miligramu 1, yaani mikrogramu 1,000. Ungehitaji katriji 44 za kwangu kuifikia ampuli hiyo moja. Kwa mgonjwa ambaye presha au moyo wake unahitaji uangalifu, wengi wetu tunajiwekea kikomo cha mikrogramu 40 kwa siku hiyo. Hizo ni katriji mbili za 1:100,000, au moja na nusu hivi za 1:80,000. Na kung'oa jino moja, kwa kawaida, hakuhitaji zaidi ya hapo.

Lakini kuna adrenalini nyingine ambayo haimo kwenye katriji yangu na siwezi kuipima kwa mililita. Ni ile ya mwili wako mwenyewe. Kila mmoja wetu ana tezi mbili juu ya figo, na mtu akishikwa na hofu au maumivu makali, tezi hizo zinamwaga adrenalini moja kwa moja kwenye damu. Mgonjwa akiliona koleo lililolala kwenye sinia, mwili unaanza kuimwaga. Akisikia uchungu wa jino linalovutwa bila ganzi ya kutosha, anaimwaga zaidi kuliko kile kidogo nilichomwekea kwenye fizi. Nami huwa nawaambia wanafunzi wangu: mgonjwa wa presha ndiye anayehitaji ganzi nzuri kuliko mgonjwa mwingine yeyote.

Niwape kisa cha mama mmoja kutoka upande wa Njoro, maana ndani yake kuna karibu kila jambo ninalotaka mlijue. Ana umri wa miaka 61, anatumia amlodipini miligramu 10 na losartani miligramu 50 kila siku. Gego lake la chini upande wa kushoto lilikuwa limeoza hadi kwenye mizizi. Alikwenda kliniki moja, akasema, kwa uaminifu, kwamba ana presha. Mhudumu aliogopa, akamdunga lignokeni tupu. Mwanzoni ganzi ilishika. Jino lilipoanza kutikiswa ikawa imekwisha. Mama alipiga kelele, jino likakatika juu, mizizi ikabaki ndani. Walipopima presha wakati huo, ilikuwa 198 kwa 112. Wakamwambia, unaona, presha yako ni mbaya, huwezi kung'olewa jino. Hakuna aliyemwambia kwamba ile presha ilipandishwa na maumivu.

Alipofika kwangu siku chache baadaye alikuwa halali usiku. Nilimpima, nikapata 178 kwa 106. Nikamuuliza, "Mama, leo umemeza dawa?" Akasema, "Hapana daktari, niliambiwa nisile wala nisimeze kitu chochote kabla ya kung'olewa." Alikuwa hajanywa hata chai. Alikuwa amepanda matatu, akapanda ngazi hadi ghorofa ya pili, na alikuwa amebanwa na haja ndogo lakini akaona haya kuuliza choo kiko wapi.

Hapo tusimame kidogo. Kwa ganzi ya kawaida ya meno, ambapo mtu halazwi usingizi, hakuna haja ya kukaa na njaa. Kula kifungua kinywa chako. Meza dawa za presha asubuhi kama kila siku, kwa maji. Kuziruka ndiko kunakopandisha presha, na hata njaa ikikufanya uzimie tutapoteza muda kujua kama ni njaa au ni presha. Usitafune miraa wala muguka siku hiyo, kwa sababu kile kilichomo kinapandisha mapigo ya moyo na presha, halafu mimi niongeze adrenalini juu yake. Hili nalisema hasa kwa vijana na kwa madereva waliokaa macho usiku.

Na kipimo cha presha nacho kina adabu yake. Kaa umetulia dakika tano, mgongo umeegemea, miguu imekanyaga sakafu, hujakunja mguu juu ya mwingine. Nenda haja kwanza. Mkono uwekwe usawa wa kifua, na mkanda uingie juu ya ngozi wala si juu ya sweta. Usizungumze mashine inapofanya kazi. Mtu mwenye mkono mnene akifungwa mkanda mdogo, mashine itasoma juu kuliko ukweli. Omba mkanda mkubwa. Mama yetu alipokwenda haja, akakaa dakika kumi, nikapima tena: 166 kwa 98.

Namba hizi tunazisoma hivi. Ikiwa chini ya 160 kwa 100, kazi ya kawaida inaendelea. Ikiwa ni kati ya hapo na 179 kwa 109, daktari anatakiwa afikiri: je, mgonjwa ana dalili zozote, kazi yenyewe ni ndogo au kubwa, haiwezi kungoja? Namba ya juu ikifika 180, au ya chini ikifika 110, na ukapima tena ikabaki hivyo, jino lisilo la dharura linaahirishwa na mgonjwa anatumwa kwa daktari wake wa presha. Na akiwa na namba hizo pamoja na maumivu ya kifua, kupumua kwa shida, kichwa kinachopasuka, macho kufifia au upande mmoja wa mwili kulegea, huyo anapelekwa hospitali wakati huo huo. Jino tutaliona siku nyingine. Ikiwa uso umevimba kwa usaha na presha iko juu, pia usiendelee kungoja nyumbani. Hiyo kazi ifanywe hospitalini ambapo presha inaweza kufuatwa dakika kwa dakika.

Nawasihi jambo moja hapa. Mtu akiambiwa presha iko juu asikimbilie kuazima kidonge cha jirani. Nimeona watu wakitoboa nifedipini na kuiweka chini ya ulimi ili namba zishuke haraka, ndipo wang'olewe. Presha ikishuka ghafla namna hiyo, ubongo na moyo vinakosa damu, na mtu anaweza kupata kiharusi kwa kujaribu kukikimbia. Dawa kama amlodipini inafanya kazi polepole kwa saa nyingi. Ukiisahau asubuhi, kuimeza kwenye benchi la kungojea hakutabadilisha namba za saa ileile.

Ndiyo sababu mama yule sikumng'oa siku ile. Namba za 166 kwa 98 zingeniruhusu, lakini hakuwa na uvimbe, hakuwa amekula, na hofu ya yaliyompata ilikuwa bado machoni. Nilimpa parasetamoli ya usiku, nikamwambia anywe dawa zake jioni ile na asubuhi, ale, aje mapema, aje na mtu wa nyumbani, na aniletee dawa zake zote ndani ya mfuko.

Huo mfuko ni muhimu. Sitaki orodha ya kichwani, nataka pakiti zenyewe. Kuna dawa moja ninayoitafuta hasa, nayo ni propranololi. Wengine huitumia kwa presha, wengine kwa kipandauso, kwa tezi ya shingo au kwa mikono inayotetemeka, kwa hiyo ukimuuliza mtu kama anatumia dawa ya presha atasema hapana. Adrenalini hubana baadhi ya mishipa na kufungua mingine, hasa ya misuli, na hivyo viwili husawazishana. Propranololi inafunga ule mlango wa kufungua. Kinachobaki ni kubana tu. Presha inaweza kupanda sana na mapigo ya moyo yakashuka. Mgonjwa wa namna hiyo bado naweza kumdunga, lakini naanza na nusu katriji, nangoja kama dakika tano, napima presha, ndipo niamue kuongeza kidogo au la. Atenololi haileti tatizo hilo kwa kiasi hicho, ingawa jina lake linafanana. Vilevile naangalia kama kuna amitriptilini, ambayo huongeza nguvu ya adrenalini, na kama mtu ana tezi ya shingo iliyozidi na haijatulizwa kwa dawa. Mtu aliyepata mshtuko wa moyo au kiharusi karibuni asije kwangu kabla hajapata ruhusa ya daktari wa moyo.

Wale wanaotumia aspirini ndogo ya miligramu 75 kwa ajili ya moyo, msiiache kwa sababu ya jino. Kidonda cha jino moja tunaweza kukibana na kukishona. Mshipa wa moyo ukiziba hatuna uzi wa kuushona kule kwenye kiti cha meno. Anayetumia wafarini naye asiiache kwa shauri lake, ila aje na kipimo chake kipya cha kuganda kwa damu.

Asubuhi iliyofuata mama alikuja na binti yake. Presha: 152 kwa 90. Nilimweka kiti kikiwa kimeinuliwa kidogo, si kulala chali kabisa. Nilimwelezea kila kitu kabla sijakigusa. Nikapaka ganzi ya juu juu kwenye fizi, nikangoja dakika mbili. Halafu sindano yenyewe, lignokeni asilimia 2 yenye adrenalini 1:80,000.

Hapa kuna hatua mbili ambazo mgonjwa anaweza kuziona akitaka. Ya kwanza: sindano ikishafika mahali pake, daktari haanzi kusukuma. Anavuta nyuma kwanza. Uzi mwekundu wa damu ukiingia ndani ya katriji, ina maana ncha iko ndani ya mshipa. Anasogeza na kuvuta tena. Kwenye taya la chini ncha huingia mshipani mara kwa mara, kwa sababu mshipa wa damu unapita bega kwa bega na neva tunayoitafuta. Ya pili ni kasi. Katriji nzima isiingie kwa chini ya dakika moja, na kwa mgonjwa wa presha afadhali ikae zaidi ya hapo. Karibu kila mtu aliyeniambia kwamba sindano ya meno ilimfanya moyo uende mbio, ukimuuliza vizuri, utasikia kwamba alidungwa haraka.

Na moyo ukienda mbio? Kwa kawaida huanza punde tu baada ya dawa kuingia: mapigo yanagonga, mikono inatetemeka, kichwa kinauma kidogo, mtu anahisi hofu isiyo na sababu. Mwambie daktari mara moja. Ataacha, atakuketisha wima, atapima presha na kungoja nawe. Adrenalini inavunjwavunjwa na mwili kwa dakika chache, na hali hiyo hupita. Usiichanganye na kuzimia. Anayezimia uso unapauka, jasho baridi linamtoka, mapigo ni ya polepole na dhaifu, na presha iko chini. Huyo analazwa na miguu inainuliwa juu. Nimeona mtu wa mapigo ya mbio akilazwa miguu juu na anayezimia akilazimishwa kuketi. Vyote viwili ni kinyume. Shika mkono, hesabu mapigo, ndipo uamue.

Mama nilimpa katriji moja kwa ajili ya taya, kisha nusu ya pili kwa fizi za upande wa shavu. Jumla karibu mikrogramu 34. Tuliongea habari za bei ya viazi kwa dakika tano. Nilipompima ilikuwa 156 kwa 92. Mdomo wa chini upande wa kushoto ulikuwa mzito hadi katikati ya kidevu, na nilipochoma fizi kwa ncha ya chombo alisema anahisi kuguswa lakini hasikii uchungu. Hiyo ni tofauti ambayo mgonjwa lazima aambiwe, maana ganzi inaondoa maumivu, haiondoi kusukumwa. Akisikia maumivu makali, ainue mkono wa kushoto nami nitaacha. Hakuuinua. Mizizi ilitoka miwili, mmoja mmoja, nikashona nyuzi mbili.

Nilimketisha polepole, akakaa dakika kumi ndipo akasimama akishikwa na binti yake, kwa sababu dawa za presha humfanya mtu aone kizunguzungu akiinuka ghafla kutoka kwenye kiti kilicholazwa.

La mwisho ni usiku wa siku hiyo. Adrenalini ikiisha, mishipa iliyobanwa inafunguka tena. Kidonda kilichokuwa kikavu saa nne asubuhi kinaweza kutoa damu alasiri au jioni, na mtu wa presha ndiye anayetoka damu zaidi, hasa akiruka kidonge cha jioni kwa kuwa mdomo unauma. Kimeze. Ng'ata ile shashi uliyopewa kwa dakika 30 kamili, bila kufungua kila mara kuchungulia, kwa sababu kila ukifungua unalivuta donge la damu linalotaka kuziba shimo. Siku hiyo usisukutue, usiteme kwa nguvu, usinywe chai ya moto wala pombe, usibebe mzigo mzito. Mate yenye rangi ya waridi ni kawaida. Damu nyekundu inayojaa mdomo baada ya kung'ata shashi mpya dakika 30 nyingine si kawaida. Rudi kliniki, au nenda hospitali ikiwa ni usiku, na umwambie anayekupokea apime presha kwanza kabla ya kutazama kidonda.

Kwa maumivu tumia parasetamoli, gramu moja kila saa sita, isizidi gramu nne kwa siku. Ibuprofeni na diklofenaki, zile za kununuliwa dukani mbili mbili, zinapandisha presha na kupunguza nguvu ya dawa zenu, na mtu anayetumia losartani pamoja na dawa ya kukojoa anaweza kuumia figo. Mama wa Njoro alikuwa na pakiti ya diklofenaki ndani ya ule mfuko aliouleta, ameitumia siku tano mfululizo kwa ajili ya jino. Nina hakika sehemu ya zile 178 ilitoka humo.

Sasa nitajibu maswali, na aliyekuja na dawa zake mkobani azitoe tuzitazame pamoja.